Mapigo Mia Moja Sitini na Nane

Ketrina alipika uji wa shule, na jiko lake lilikuwa kibanda cha bati pembeni mwa uwanja. Mwalimu Tusekile alipowatoa darasa la sita nje siku hiyo, somo lote lilimfuata hukohuko kwenye moshi, akalisikia akiwa anakoroga.

"Moyo una vyumba vinne," Mwalimu alisema, akishika ubao mdogo aliouchora kwa chaki nyekundu na ya buluu. "Viwili juu, viwili chini. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma mapafuni ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto unapokea hiyo yenye oksijeni na kuisukuma mwili mzima. Kila ukisukuma, mshipa unavimba kidogo. Huko kuvimba ndiko tunakohesabu leo. Kunaitwaje?"

"Mapigo ya moyo!"

"Kwa vidole viwili. Cha shahada na cha kati. Jofrey, toa dole gumba hapo! Dole gumba lina mapigo yake lenyewe, utajihesabu mwenyewe ukadhani unamhesabu mwenzako. Weka kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba la mwenzako. Usikandamize kama unakamua jipu. Ukikosa mkononi, tafuta shingoni, hapa, kando ya koromeo."

Walihesabu kwa nusu dakika wakazidisha mara mbili, Mwalimu akiangalia saa ya simu. Kisha akawakimbiza uwanja mizunguko mitatu, wakarudi wanahema kama mbwa, wakahesabu papo hapo kabla moyo haujatulia. Yunisi, binti wa Ketrina, alianguka kwenye kona ya mzunguko wa mwisho akachuna goti, akainuka, akawapita wote. Alikuwa na themanini na mbili kabla ya kukimbia. Baada ya kukimbia alipata mia moja sitini na nane, na hakuna aliyemfikia.

"Kwa nini yamepanda?" Mwalimu aliuliza.

"Misuli inadai oksijeni, Madam."

"Na chakula. Na inataka uchafu wake wa hewa uondolewe. Moyo unasikia madai hayo, unaongeza mwendo. Sasa kaeni chini mtulie, mtaona yanavyoshuka." Akamgeukia Ketrina. "Mama Yunisi, leta mkono na wewe, umebeba kuni."

Ketrina alicheka, akaupangusa mkono kwenye kanga na kuutoa. Tisini na sita. Watoto wakampigia makofi kana kwamba ameshinda kitu.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kama Ketrina angekuwa nyumbani saa nane mchana, kusingekuwa na hadithi. Lakini alibaki shuleni kusugua sufuria, na Yunisi akarudi peke yake, anachechemea kidogo na ana furaha ya kupasuka.

Baba yake, Kasiani, alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa mpakiaji mizigo mpakani, na siku hiyo malori yalikuwa yamekwama kwenye foleni, kwa hiyo alikuwa amerudi mapema na kopo la pombe ya ulezi. Hakuwa mlevi wa kuanguka. Alikuwa mtu mwenye kinyongo, na kinyongo chake kilikuwa na sababu. Kijana wake wa kwanza, Mbonile, alizabwa kofi na mwalimu wa shule nyingine mpaka damu ikatoka sikioni, na sikio hilo halisikii mpaka leo. Kasiani alikwenda kushtaki. Aliambiwa asubiri. Alisubiri mpaka mwalimu yule akahamishwa, akafanyiwa na sherehe ya kuagwa. Siku ile Kasiani aliapa kwamba mwalimu mwingine akimgusa mtoto wake, yeye hatakwenda kushtaki popote.

Nyumbani kwao walisema Kinamwanga. Yunisi alianza kusimulia kwa Kinamwanga, lakini neno la shule hakuwa nalo kwa lugha ya nyumbani, akalitia hivyohivyo kwa Kiswahili.

"Baba, leo nimewapita wote! Mwalimu Tusekile amenihesabia mapigo mia moja sitini na nane!"

Neno hilo Kasiani alilijua, ila alilijulia mahali pamoja tu, uwanja wa malori. Huko kijana aliyekamatwa na mgambo husemwa kuwa amekula mapigo. Hakuwahi kulisikia likitumika kwa jambo lingine.

"Mangapi?"

"Mia moja sitini na nane. Roda kapata mia na thelathini tu."

"Na Roda pia. Na hilo goti?"

"Nilianguka tukikimbia, baba. Mapigo yalikuwa—"

Hakungoja yalikuwa nini. Aliliweka kopo chini, akaingia ndani, akatoka na mpini wa jembe usio na jembe. Yunisi alimshika shati. Alimsukuma, mtoto akakaa chini. Alipoinuka baba yake alikuwa ameshavuka barabara, anakwenda kwa hatua za mtu asiyetaka kuulizwa.

Mwalimu Tusekile alikuwa barazani anasahihisha madaftari. Alimwona mzazi anakuja, akasimama kama ilivyo adabu.

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Wewe ndiye Tusekile?"

"Ndiye mimi. Karibu ki—"

Mpini ulishuka. Aliukinga kwa mkono wa kulia, na Ketrina, aliyekuwa ameinamia sufuria hatua chache tu kutoka hapo, alisikia mfupa ukivunjika. Sauti yake ilikuwa kama ya kuni kavu. Aliinua kichwa akamwona mumewe.

"Mia moja sitini na nane!" Kasiani alikuwa anapiga kelele. "Mtoto wa watu! Nami nikuhesabie! Moja hiyo! Shika ya pili!"

Ya pili ilitua ubavuni, upande wa kushoto, chini ya ziwa, kwa nguvu zote za mtu anayebeba magunia. Mwalimu alijikunja. Ya tatu ikampata mgongoni akiwa anaanguka juu ya meza, madaftari yakamwagika.

Ketrina alikuwa na mwiko wa uji mkononi, ule mrefu kama kasia. Hakumwita mumewe jina wala kumsihi. Alimpiga nao kwenye shingo. Kasiani aligeuka, macho yake mekundu, akamsukuma kifuani kwa mpini, na Ketrina akarudi nyuma akakalia majivu ya moto. Aliruka akipiga yowe, kanga inafuka moshi, akamrudia palepale. Safari hii alimpiga vidole. Mpini ukadondoka.

"Una wazimu? Unaua mwalimu!"

"Amempiga mtoto wangu mapigo mia na—"

"Ya moyo! Mapigo ya moyo, we mjinga! Wamehesabu moyo! Hata mimi kanihesabu!"

Yunisi alikuwa ndiyo anafika, anahema, anasema kwa Kinamwanga na Kiswahili vikichanganyika: siyo hivyo, baba, siyo hivyo, tulikimbia tu. Kasiani alimtazama binti yake, akamtazama mkewe. Mdomo ulifunguka. Kilichotaka kutoka hakikutoka, kwa sababu vijana wa bodaboda waliokuwa getini walikuwa wameshaona mwanamke anapigwa gongo, nao hawakuwa na haja ya maelezo.

Wa kwanza alimpiga Kasiani kofia ya pikipiki usoni. Pua ilipasuka. Wa pili alimzoa miguu. Baada ya hapo Ketrina hakuona tena wa ngapi, aliona migongo na miguu inayopanda na kushuka, na kati yake mkono wa mumewe ukitafuta kitu cha kushika. Mmoja alikuwa na mnyororo wa pikipiki.

"Kampiga madam! Mpeni! Mpeni haki yake!"

"Leteni tairi!"

Neno tairi lilimfanya Ketrina akimbilie kule. Alivuta shati la mmoja likachanika, akapigwa kiwiko cha jicho. Alikuwa anajiandaa kuingia katikati aliposikia Yunisi anamwita nyuma.

"Mama! Madam anakuita! Njoo!"

Alisimama katikati ya uwanja. Mbele yake mumewe alikuwa anauawa. Nyuma yake mwalimu aliyepigwa na huyohuyo mumewe alikuwa anamwita. Mwalimu Mkuu Osea, mzee mwenye tumbo, alitoka ofisini akikimbia, kengele ya shule mkononi, akajitupa juu ya Kasiani mzimamzima.

"Nipigeni mimi kwanza! Hapa ni shuleni! Nipigeni mimi!"

Ketrina aliona mnyororo ukimpata mzee begani, akaona pia kwamba mwenye mnyororo amesita. Hiyo ilimtosha. Aligeuka akarudi barazani.

Mwalimu Tusekile alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, mkono wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo. Walimu wawili walikuwa wameleta soda na maji.

"Amezirai kidogo tu, sasa yuko sawa," mmoja alisema. "Mkono ndio umevunjika. Kunywa, Madam, upate nguvu."

"Sinywi." Mdomo wake ulikuwa mweupe kama unga. Jasho lilimtoka kwenye paji, na Ketrina alipomgusa alikuta ngozi ya baridi. "Bega la kushoto linaniuma. Nani kanipiga bega?"

"Hakuna aliyekupiga bega, Madam. Ni ubavu."

Mwalimu alifumba macho kama anayepiga hesabu. "Yunisi. Mkono wangu huu mmoja haufai. Nihesabie kwenye huu mwingine. Mama, angalia saa ya simu, nusu dakika."

Mtoto alipiga magoti. Machozi yalikuwa yanamdondoka lakini vidole viwili viliwekwa mahali pake. Midomo ilicheza.

"Sitini na nne, Madam."

"Mara mbili."

"Mia na ishirini na nane."

"Nguvu yake?"

"Kama uzi."

"Nilikimbia?"

"Hapana, Madam. Umekaa."

"Basi moyo unakimbia nini?" Alikuwa anafundisha bado, lakini sauti ilikuwa imeshuka, na macho yake alikuwa amemgeuzia Ketrina. "Damu imepungua kwenye mishipa, moyo unazungusha haraka hiyo iliyobaki. Nje sitoki damu. Inamwagikia tumboni. Mama Yunisi, msinilaze hapa mkanipepea. Nipelekeni hospitali sasa."

Waliokuwa na soda waliiweka chini.

Bajaji ilipatikana getini. Ketrina aliingia nyuma, akampakata Mwalimu kifuani, Yunisi akajibanza miguuni. Mbele, kando ya dereva, alijipenyeza Deus, mdogo wake Kasiani, ambaye alikuwa ametokea sokoni kwa kusikia kelele. Ketrina hakuwa na muda wa kumuuliza anakwenda kufanya nini. Aligeuza shingo mara moja tu. Mwalimu Mkuu na mgambo wawili walikuwa wanamburuta Kasiani kuelekea stoo ya mahindi, uso wake hauna tena umbo la uso, na mawe yalikuwa yanagonga mlango wa bati nyuma yao.

Barabara kuu ilikuwa imeziba kwa malori, mkia wake haukuonekana. Dereva alipita kulia, akapita mtaroni, akapita katikati ya malori mawili ambayo kioo kimoja kilikwangua bajaji na dereva wake, Mzambia, akamtukana kwa Kibemba. Kila walipopiga shimo Mwalimu aliguna.

"Hesabu," Ketrina alimwambia mtoto.

"Mia na thelathini na sita."

Wakasogea. Lori likakata kona, wakasimama. Deus alikuwa anatukana na kupiga bodi la bajaji kwa ngumi.

"Hesabu."

Yunisi alihamisha vidole. Akavihamisha tena. Uso wake ukakunjamana.

"Hakuna, mama. Hayapo. Amekufa!"

"Usiniambie hivyo! Tafuta!"

"Mkononi hayapo!"

"Yeye alisema ukikosa mkononi utafute wapi?"

Mtoto aliinuka, akaweka vidole kando ya koromeo la mwalimu wake. Dereva alikuwa amegeuka anaangalia na yeye.

"Yapo," Yunisi alisema. "Madogo. Yanakimbia sana, siwezi kuhesabu, lakini yapo."

"Panda kwenye njia ya miguu," Ketrina alimwambia dereva. "Ukigonga meza ya mtu nitakuja kuomba radhi mimi. Panda!"

Aligonga meza ya nyanya na mwavuli wa wakala wa simu. Watu waliwarushia vitu. Hakusimama.

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari, kijana mwembamba aitwaye Ezron, alikuja anavaa glovu. "Amepatwa na nini?"

Ketrina alifungua mdomo, lakini Deus alikuwa ameshajibu.

"Ameanguka, dokta. Ameanguka ngazi za shule, mkono umevunjika. Akazirai."

"Ameanguka lini? Kagonga kichwa?"

"Eee, kichwa, nadhani kichwa."

Daktari akashika kichwa, akaanza kutafuta kwenye nywele, akamwagiza muuguzi amulikie macho. Deus alimvuta Ketrina pembeni, akamkamata mkono juu ya kiwiko kwa nguvu ya kuacha alama.

"Shemeji, nisikilize. Akifa, ni mauaji. Akipona, ni miaka jela. Kaka yangu ndiye anayewalisha. Watu wa kule shuleni tutawaona mmoja mmoja, wewe funga tu mdomo. Ameanguka."

Ketrina aliangalia kitandani. Daktari alikuwa bado kwenye kichwa. Yunisi alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, anamtazama mama yake. Mtoto alikuwa amelelewa kutosahihisha wakubwa mbele ya wageni, na alikuwa analizuia neno.

"Unaniumiza mkono," Ketrina alisema.

"Sema nimekuelewa."

Aliuvuta mkono kwa nguvu mpaka ukachunika. Akaenda kitandani.

"Dokta, acha kichwa. Hakuanguka. Mume wangu kampiga kwa mpini wa jembe. Mkono, ubavu huu wa kushoto hapa chini, na mgongo mara moja. Ubavu ndio aliupiga kwa nguvu zote. Bega la kushoto linamuuma na halikuguswa. Mtoto kamhesabu mia na ishirini na nane akiwa amekaa chini, baadaye mia na thelathini na sita, sasa hivi mkononi hayapo kabisa, yapo shingoni."

Daktari alimwangalia mara moja tu. Akaweka mkono kwenye tumbo la Mwalimu, upande wa kushoto, na tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Sauti yake ikabadilika.

"Bandama. Fungua mishipa miwili, dripu zote mbili ziende kasi. Mwite mtu wa ganzi, mwite wa maabara, nataka damu. Chumba cha upasuaji, sasa!"

Magurudumu yalilia kwenye sakafu. Mlango ukafungwa.

Ketrina hakuiona ngumi ya Deus ikija. Ilimpata palepale kwenye jicho alilopigwa kiwiko, akagonga ukuta na kuona nyota. "Malaya! Umemuuza mume wako!" Alimrushia ya pili, lakini safari hii Ketrina alikuwa anaangalia. Aliinama, akachukua stendi ya dripu iliyosimama hapo, chuma kitupu, akamchoma nayo tumboni kama anayechimba viazi. Deus alikaa chini, pumzi imemwishia. Mlinzi na jamaa za wagonjwa wakamrukia, na Ketrina ilibidi aseme kwa sauti: basi, msimuue, mmoja anatosha kwa leo.

Askari alikuja akamkuta ameketi kwenye benchi na barafu ya muuguzi kwenye jicho, makalio yameungua hawezi kuyaweka yote. Alimwambia yote tangu mwanzo. Alieleza neno lilivyokuwa, na lilivyosikika. Askari aliacha kuandika.

"Yaani kwa ajili ya neno?"

"Na kwa ajili ya sikio la mwanangu mkubwa. Andika na hilo. Alikwenda kushtaki, mkamwambia asubiri."

Askari aliandika, kisha akaondoka na Deus kwenda naye kituoni.

Walimu wenzake Tusekile walifika mmoja mmoja, wakakunja mikono ya mashati kwenye chumba cha kutolea damu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama Daktari Ezron alipotoka, glovu amezivua, shati limelowa kwapani. Alisema bandama ilikuwa imepasuka, wameitoa, na mtu anaishi bila hiyo akiwa mwangalifu na maradhi. Kwamba tumboni walikuta damu nyingi, ambayo mtu mwingine akiipoteza angekuwa ameshakufa. Kwamba usiku huu ataangaliwa, lakini presha imerudi. Angekaa anatafuta jeraha la kichwa kwa robo saa nyingine, alisema, hakumalizia.

Yunisi aliuliza kama anaweza kuingia. Hapana. Akauliza yako mangapi sasa. Daktari alishangaa kidogo, kisha akajibu kama anavyomjibu mkubwa mwenzake: tisini na nane, na yanashuka.

Nyumbani Ketrina alipika ugali na maharage akiwa amesimama. Majirani walipita nje ya uzio bila kumsalimu, wengine kwa sababu ya mumewe, wengine kwa sababu yake mwenyewe. Alijaza sahani, akaifunika kwa nyingine, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo kituo cha polisi, walikompeleka Kasiani kutoka stoo, kwa maana mahabusu hulishwa na watu wao.

Walimtoa Kasiani nyuma ya nondo. Jicho moja lilikuwa limefungwa kabisa na mdomo umeshonwa nyuzi. Alikula kwa upande mmoja, polepole. Hakuuliza kuhusu Mwalimu mpaka sahani ilipofika nusu.

"Amekufa?"

"Hajafa."

Alitafuna. Tonge likamdondoka.

"Deus anasema umesema wewe."

"Nimesema mimi."

"Wewe, mke wangu, Ketrina."

"Nisingesema angekufa, nawe ungekuwa muuaji. Kula."

Aligeuza uso ukutani. Askari wa zamu alimwambia Ketrina aende, muda wa kuona mahabusu umekwisha. Ketrina alisema hawezi kwenda bado. Mumewe hajamaliza, na sahani ni ya nyumbani, atarudi nayo.